Pacha Aliyejua Ninachoogopa

Mnisamehe, kisa hiki nitakiharibu, mnanijua.

Nilikwenda kwa fundi cherehani mjini Kasulu anishonee makoti mawili yanayofanana. Jumamosi nilikuwa na igizo la kuchekesha Kibondo, na humo mimi ndiye shujaa na mimi ndiye pacha wake mwovu.

"Huyo mwovu anafanya nini?" mama fundi akauliza.

"Anaiba kuku."

"Na shujaa anaogopa kuwa mwizi?"

"Aa, yule haogopi kitu."

"Basi huyo ni kibaka tu, baba. Mimi ni Bukuru, pacha mkubwa, nina Butoyi wangu, mdogo, niliyezaliwa naye, pacha nawajua. Pacha wa hadithi hulitoa nje jambo analolificha shujaa. Wewe unaogopa nini?"

Nikacheka. Akasimamisha cherehani, akanigeuza kwenye kioo.

"Muulize yeye."

Nikakunja sura ya mwovu, nikafungua mdomo niseme la kuku. Yule wa kwenye kioo akasema taratibu, kwa sauti yangu: "Wanakucheka kwa huruma."

Pini zikamdondoka fundi mdomoni. Maneno hayo sikuwa nimeyaandika.

Jumamosi yule pacha mwovu akayarudia jukwaani, kwa mdomo wangu. Ukumbi mzima ukanikazia macho. Nikarudi kama shujaa, nikamjibu kwa kichekesho changu bora.

Wakacheka. Kwa huruma. Pacha wangu hakukosea popote. Aliyetunga kichekesho ni mimi.