Tangazo la Mama wa Kufua

Meneja wa jumba moja la Kileleshwa alinitumia picha ya tangazo la Kiingereza ili nilitafsiri kwa Kiswahili, katika ofisi yangu ndogo ya tafsiri mjini. Tangazo liliomba kwa adabu zote nguo zisianikwe kwenye ngazi.

"Nani atalisoma?" nikamuuliza, kwa maana ndilo swali la kwanza la kazi yangu.

"Ni wale mama wa kufua tu."

Wapangaji ningewaandikia, "Tafadhali, mnaombwa msianike nguo hapa." Hao wa kufua nikawaandikia, "Usianike nguo hapa! Peleka nyuma." Tena nikajisifu kwamba linaeleweka haraka.

Jumapili, jirani yangu wa Riruta, mama aliyenilea miezi yote mamangu alipokuwa amelazwa hospitali, alinionyesha picha kwenye simu yake. Ni maneno yangu, yamebandikwa ukutani. Kumbe hufua kule Kileleshwa! Miaka yote hiyo ya ujirani, mjinga mimi, sikuwahi hata kumuuliza anafanya kazi wapi.

"Ona vile mtu anatuongelesha," akasema. "Wewe umesoma. Tuandikie jibu, mwanangu. Na uanze na tafadhali."