Ishirini Isiyokuwa Ishirini

Nilifundisha hesabu Arua miaka mingi kabla shangazi yangu hajanionyesha hesabu ni nini.

Yeye ni fundi cherehani, Koboko. Shule aliachia darasa la nne. Mwaka mmoja alipata kazi ya kushona sare za shule mbili, akahitaji mashine ya kufunga pindo, ile ambayo watu huiita overiloki. Alikuja kwangu Awindiri, mtaa wa Arua, asubuhi, tukaenda pamoja kwenye duka moja mjini.

Bei taslimu ilikuwa milioni moja na laki mbili. Shangazi alikuwa na laki mbili tu. Muuzaji, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akamwekea kiti.

"Mama, usisumbuke. Lipa laki mbili leo, beba mashine. Halafu laki moja kila mwezi, miezi kumi na mbili. Riba iko asilimia ishirini tu, kwa mwaka mzima."

Niliipima kichwani. Deni linabaki milioni moja, atalipa milioni moja na laki mbili, ziada ni laki mbili. Ishirini kamili. Kikundi cha akina mama wa Koboko kilikuwa tayari kumkopesha milioni hiyohiyo kwa asilimia mbili kwa mwezi, juu ya deni linalobaki. Hiyo ni ishirini na nne kwa mwaka. Nikamwambia, "Shangazi, hapa ni nafuu."

Shangazi alimgeukia muuzaji.

"Mwezi wa kwanza mimi narudisha laki moja, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo laki iko kwako sasa. Haiko kwangu. Mbona unaihesabia riba mpaka mwezi wa kumi na mbili?"

Muuzaji alitabasamu, akanitazama mimi kama anayeomba msaada. Swali lile ndilo lililobeba somo zima, na mimi nililifundisha kila mwaka kwa kanuni ndefu ubaoni bila kulisikia hata siku moja.

Shangazi alitoa chaki ya fundi mkobani, akaomba kipande cha kadibodi. "Mwalimu, toa simu. Wewe piga hesabu, mimi naandika."

Tukaanza na ishirini ya muuzaji, tukaigawa kwa miezi kumi na mbili: asilimia moja na theluthi mbili kwa mwezi. Kila mwezi tuliongeza riba juu ya deni lililobaki, kisha tukatoa laki moja. Deni likashuka, mstari chini ya mstari. Baada ya malipo ya kumi na moja zilibaki kama shilingi elfu tatu.

Shangazi aliweka chaki chini. "Kama ni ishirini kweli, deni limekufa hapa. Laki ya mwisho ni ya nini?"

Muuzaji aliinama juu ya kadibodi, akafuata mistari kwa kidole, akarudia mara ya pili.

"Ongeza riba," shangazi akaniambia, "mpaka mwisho deni likae sifuri."

Tukajaribu asilimia tatu kwa mwezi. Milioni moja ikawa milioni moja na elfu thelathini, toa laki, ikabaki laki tisa na elfu thelathini, tukaendelea hivyo. Baada ya malipo kumi na mbili, deni la elfu sita na mia tano na kitu lilikuwa bado limebaki. Tatu ilizidi. Tukajaribu mbili nukta tisa: malipo yakapita deni kwa karibu elfu mbili. Basi jibu lilikaa katikati, karibu zaidi na mbili nukta tisa. Zidisha kwa kumi na mbili: thelathini na tano kwa mwaka, juu ya ile ishirini na nne ya kikundi.

Nilitazama zile tarakimu za chaki kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua katika nyumba anayokaa kila siku. Riba ilikuwemo muda wote ndani ya bei, malipo ya kwanza na laki zile kumi na mbili. Hakuna aliyeifungia kwa ufunguo. Ilingoja tu mtu wa kuiuliza.

"Mama, mimi sikujua," muuzaji alisema. "Walinipa karatasi, imeandikwa ishirini, nasoma ishirini." Nilimwamini, maana hata mimi nilisoma ishirini.

"Sikulaumu," shangazi akamjibu. "Niwekee mashine mpaka Ijumaa."

Kikundi kilimpa milioni. Ijumaa alilipa taslimu, na marejesho yake yakawa karibu elfu tisini na tano kwa mwezi, badala ya laki. Mwaka ulipokwisha alikuwa ameokoa kama elfu sitini na tano, akanunua nazo nyuzi.

Siku ile, kabla hatujatoka dukani, muuzaji aliomba abaki na kadibodi. Shangazi akamwachia, akapangusa chaki vidoleni, akaniuliza kama njaa haijaniuma.