Mlima wa Mchanga Juu ya Lori la Thuo

Wakiuru wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, alikuwa fundi wa sare za shule. Angeweza kukata kaptura kwa macho tu, bila kupima. Kuhusu malori hakujua lolote, na bado mwaka huo wa 1980 lori ndilo lililomnyima usingizi.

Mumewe, Thuo, alipostaafu kazi ya reli alichukua malipo yake yote akanunua lori kuukuu la tani saba kwa shilingi elfu themanini. Likawa linaleta mchanga wa Machakos kwa wajenzi wa mtaa mpya wa Umoja. Dereva, Matheka, alilipwa kwa tripu, basi alilikimbiza kama anayefukuzwa na nyuki. Nao wajenzi walikuwa na desturi yao: lori lisilojaa mpaka likafanya mlima juu ya bodi, mchanga wake hawaununui. Mlima wenyewe hawaulipii. Mchanga ukiwa umeloa, mlima huo huvunja springi, na dizeli, iliyokuwa ikipanda kila kukicha, huisha njiani.

Mwezi wa nane giaboksi ikafa. Abdiqadir, mnunuzi wa magari wa Eastleigh, akaja, akalizunguka lori huku akipigapiga bodi.

"Mzee, Januari nilikupa hamsini ukanifukuza. Leo ni thelathini, likitembea. Limelala hivi, kumi na tano. Bei ya chuma."

"Nimeweka springi mara nne! Tairi mbili mpya! Hizo huzioni?"

"Hizo umezila barabarani, mzee. Mimi nanunua lori, sinunui machozi."

"Mimi nilisema tupunguze mlima," Matheka akadakia.

"Ulisema lini, wewe?"

"Nilisema moyoni, mzee."

Hata Wakiuru alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa na kitabu cha akiba cha posta chenye elfu tatu alizozipata kwa sare miaka sita, arbuni ya kununulia nyumba Umoja. Mwisho wa kuilipa ulikuwa Ijumaa.

"Baba Ndung'u, chukua hizo kumi na tano," akasema polepole.

"Nimpe mtu jasho la miaka thelathini kwa bei ya chuma? Giaboksi ya mitumba ni elfu mbili na mia nane. Likitembea tu, nauza thelathini. Naapa."

Wakiuru alikijua kiapo hicho. Machi pia liliharibika, akaapa hivyohivyo. Lilipopona likapata kazi, na mtu hauzi lori lenye kazi. Likiharibika, haliuziki. Alitafuta njia ya kutoka katika mzunguko huo amwonyeshe Thuo, asiione hata yeye. Hati ya lori ilikuwa na jina la Thuo. Kitabu kilikuwa na lake, lakini Thuo alikuwa amekaa juu ya tairi, mzee ghafla, hamtazami mtu.

Alhamisi Wakiuru alipanga foleni posta.

Jumatatu lori likanguruma. Matheka akapiga honi mbele ya nyumba, na Thuo akapanda kando yake, kofia kichwani.

"Tripu mbili tu, Mama Ndung'u, kisha namwita Abdiqadir!"

Jioni lilipita likielekea Umoja. Mchanga ulikuwa umeloa, na mlima juu yake ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani.