Njia ya Nywele Upande wa Kulia

Itangazwe kwa watu wote wenye vichwa, wawe wa mjini Nakuru au wa mashambani Subukia, kwamba Peterson Kahiga, kinyozi wa mtaa wa Bondeni, ndiye mtu pekee katika Bonde la Ufa aliyeruhusiwa kukishika kichwa cha Mwafrika kabla ya serikali kukitazama. Machifu walipewa kofia, askari wakapewa bunduki. Kahiga alijipatia kiti cha mbao, mkasi, mashine ya mkono na wembe, na kibaraza cha duka la picha la Jivraj.

Ilikuwa miaka ile wakoloni walipotangaza hali ya hatari. Serikali, ambayo haikuwahi kuelewana na vichwa vyetu kuhusu jambo lolote, sasa ilivitaka kwenye karatasi. Mkikuyu asiye na kipande, kitambulisho chenye picha, alikuwa mzigo wa lori la wanaohamishwa, na lori halikuuliza mzigo ulitaka kwenda wapi. Kwa hiyo watu walipanga mstari kwa Jivraj, na kabla ya kuingia kwa Jivraj walipita kwa Kahiga.

"Hii si ya harusi, mzee," alikuwa akimwambia mwenye madaha. "Ya harusi tunapandisha mbele. Ya serikali tunateremsha yote."

Alipunguza nywele sawasawa kichwa kizima, masikio yakaonekana yote mawili, kipaji kikawa wazi. Alipangusa mafuta ya mgando usoni kwa kitambaa kikavu, maana ngozi inayong'aa hutoka kwenye picha na doa jeupe, na askari akiona doa huuliza maswali. Kina mama aliwaomba wavue vitambaa. Mwisho, kwa wanaume, alichonga njia moja nyembamba kwa wembe, upande wa kushoto. Hiyo serikali haikuiomba. Lakini Kahiga alikuwa na majivuno yake, na kichwa kisicho na njia alikiona kama barua isiyo na sahihi.

Mburu alikuja siku ya soko. Alikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu kule Kabazi, na mke wake alikuwa mjamzito aliyekaribia kujifungua. Bwana wake alikuwa amesema wazi: alete picha wiki hiyo, la sivyo yeye na mke wapande lori.

"Ninyoe vizuri, baba," alisema akikaa. "Nataka nionekane mtu asiye na habari."

"Uso huo unao tayari. Tulia."

Walicheka. Kahiga alimnyoa polepole, kwa sababu alikuwa amemnyoa pia kaka yake, Waithaka, miaka mingi, na vichwa vya ndugu hawa vilifanana kama vibuyu vya mmea mmoja. Waithaka alikuwa na kovu kushoto, basi njia yake ilichongwa kulia. Katika wateja wote wa Kahiga ni yeye tu. Kisha msako ukapita Bondeni, Waithaka akapelekwa kambini, na habari ikarudi kwamba amefariki na ameshazikwa hukohuko. Hakuna aliyeuona mwili. Hakuna aliyenyoa nywele za msiba.

Kahiga alichonga njia ya Mburu kushoto. Mburu aliingia kwa Jivraj, akakaa mbele ya shuka jeupe, akaambiwa asipepese macho.

Kesho yake Jivraj alitundika picha kwenye waya dukani zikauke. Mburu akaja. Kahiga alimsikia akinyamaza. Ndiyo, alimsikia, mtu aliyekuwa akiburuta viatu na kupiga mluzi alikatika ghafla, kana kwamba amezibwa mdomo kwa mkono.

"Baba, njoo."

Kahiga aliingia na kitana mkononi. Kwenye waya kulikuwa na nyuso nyingi, zote zimenyooka, zote za watu wasio na habari. Katikati alikuwepo Waithaka. Njia ilikuwa kulia, nyembamba, safi, kazi ya Kahiga mwenyewe. Macho yalikuwa yanawatazama kwa subira ya mtu aliyekuwa anangoja nje kwa muda mrefu na sasa amefunguliwa mlango.

Kahiga alikigeuza kichwa cha Mburu kwa vidole viwili. Kushoto. Akatazama waya. Kulia.

"Mimi sikukata hiyo," alisema.

Jivraj alikuja akijipangusa dawa za picha mikononi, akaitazama, akacheka. "Ah, makosa yangu! Kioo cha picha nimekilaza kinyume wakati wa kuchapa. Ona, hata mfuko wa koti umehama. Nitachapa nyingine saa hii hii, bure."

Ni kweli, mfuko ulikuwa umehama. Kahiga alipumua.

Mburu hakupumua. "Vioo vingapi ulilaza jana, Bwana Jivraj?"

"Vingi."

"Kinyume?"

Jivraj alikuna shingo. "Hicho tu."

"Hicho tu," Mburu alirudia. Alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Hata ukichapa nyingine, atahama nayo. Amekuja kuuliza. Baba, sisi hatukunyoa. Mama alisema tungoje mwili. Mimi nimekuja hapa nimechongwa njia kama mtu anayekwenda dansi, na kaka yangu bado hajaliliwa. Siwezi kutembea na marehemu mfukoni."

"Na mke wako?" Kahiga alisema. "Lori halitangoja mambo yenu na Waithaka."

Mburu alifunika uso kwa mikono. Jivraj, aliyezoea wateja wanaolalamikia pua, alirudi kwenye dawa zake.

Kahiga alimshika mkono akamrudisha kibarazani. Hakumwita mzee wa ukoo, hakumwita mchungaji. Mchungaji alikuwa anahitaji barua ya ruhusa ili apite vizuizi. Alichota maji, akapiga povu la sabuni, akafungua wembe. Alianza na ile njia. Aliifuta. Kisha akanyoa kila kitu, kuanzia utosini kushuka, kama wanavyonyolewa waliofiwa, na hakuna aliyefanya mzaha kwenye mstari. Maji yalitiririka shingoni kwa Mburu, na mengine hayakuwa ya beseni. Nywele zilipoanguka, Kahiga alizikusanya zote kwenye gazeti, akamkabidhi.

"Zipeleke kwa mama. Yeye atajua pa kuziweka."

Kichwa kilichonyolewa hung'aa kuliko sufuria, basi alikipaka poda kidogo, akaipangusa, akamrudisha mbele ya shuka.

Jioni picha ilitundikwa. Haikuwa na kushoto wala kulia. Kahiga aliisogelea. Bila nywele, mfupa wa kichwa ulijitokeza wote, na mfupa ule alikuwa ameushika miaka mingi. Aliyekuwa kwenye waya ni Waithaka mtupu, Waithaka zaidi ya jana, isipokuwa sasa alionekana amekaa chini, amepumzika.

Mburu naye aliitazama. "Ni mimi," alisema.

Kahiga alifunga mdomo. Ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, maana alikuwa kinyozi.

Picha ilibandikwa kwenye kipande, bwana wa Kabazi akatazama kichwa, akatazama karatasi, akakubali. Mtoto alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba, si kwenye lori. Tangu hapo Mburu alilazimika kuja Bondeni kila mara kunyolewa upara, asije akaota nywele akawa mtu mwingine mbele ya askari.

Habari ilienea mpaka Naivasha, ikikua njiani. Siku moja mama mmoja, Wachuka, muuza viazi, alijipenyeza mpaka mbele ya kiti, akapunguza sauti.

"Mzee, watu wanasema ulimtoa maiti kwenye kioo cha Mhindi. Wanasema ulisema maneno, akalala. Ulisema nini?"

Kahiga alipuliza nywele kwenye mashine.

"Nilisema ainamishe kichwa. Sogea, mama, unaniziba mwanga."