Nyufa za Matangi Matatu

Kitinda alikuwa akitoboa matundu kwenye kurasa za ripoti ya dada yake, wakati shemeji, mume wa dada huyo, alipofika mlangoni mwa duka lake la steshenari. Hakuingia. Alisimama kizingitini ameshika mfuko wa hospitali, kandambili za dada zikichungulia juu, na Kitinda akaelewa kabla hajaambiwa. Mgonjwa aliyeruhusiwa huja na kandambili zake miguuni.

"Dada yako ametuacha, shemeji," alisema. "Alfajiri. Ni ule moyo."

Kitinda aliinamisha kichwa juu ya mashine, akamwomba Mungu ampokee mja wake, kisha akafunga duka. Kurasa akaziacha mezani vilevile, nusu zina matundu, nusu hazina.

Mtaa mzima ulimwita marehemu Risiti. Alikuwa mratibu wa chama kidogo cha kujenga matangi ya kuvunia maji ya mvua mashuleni, na jina hilo alilipata kihalali. Muuza mchanga alidaiwa risiti, fundi alidaiwa, na dereva wa pikipiki asiye na kitabu cha risiti alitakiwa kuandika kiasi, tarehe na safari kwenye karatasi na kutia saini. Watoto wake walikuwa wakitaniana kwamba ukimwomba mama busu utasaini kwanza. Yeye alicheka nao, halafu akauliza chenji ya mkate iko wapi.

Lakini alikuwa mkono wazi kwa kila alichomiliki. Ndiye aliyemlipia Kitinda ada ya sekondari tangu baba yao alipofariki, na ndiye aliyemdhamini kwenye mkopo wa mashine ya kwanza ya kuchapa. Ukali wake ulikuwa kwa mali ya watu. "Hela ya mfadhili ni amana," alizoea kusema. "Kuna mtu mahali fulani amejinyima ili aitoe, na Mungu anamjua huyo mtu kwa jina."

Mwaka ule chama kilijenga matangi ya saruji kwenye shule kumi na mbili. Risiti mwenyewe ndiye aliyepanga ujenzi ufanyike wakati wa likizo, ili kelele za mafundi zisivuruge masomo. Kila mtu alimsifu kwa busara hiyo. Hakuna aliyewaza kwamba saruji mpya hutaka kumwagiwa maji kila siku, kwa majuma kadhaa, na kwamba shule ikifungwa hapabaki mtu wa kuimwagia. Penye mlinzi mwenye bidii mambo yalikwenda sawa. Shule tatu hazikuwa naye, na mvua za kwanza ziliponyesha, matangi yake yakaanza kuvuja. Kwa haraka ya kuokoa moja la hayo matatu, chama kikachukua fedha za kifungu cha mafunzo ya kamati za maji na kununulia vifaa vya kuzibia. Mkataba ulitaka wamwandikie mfadhili na kupata kibali kwanza. Hawakuandika. Na tangi lenyewe likavuja tena.

Yote hayo Risiti aliyaweka kwenye ripoti ya mwisho wa awamu, chini ya kichwa ambacho mfadhili mwenyewe alikitaka: Mapungufu na Mafunzo. Jioni baada ya jioni alikaa kwenye stuli ya dukani, akimsomea mdogo wake ili achape. Alitaja ratiba kuwa ilikuwa kosa la mratibu. Alieleza fedha zilizohamishwa na zilikokwenda. Akaandika kwamba siku zijazo watajenga shule zikiwa wazi, na mkataba wa fundi utasema nani anamwagilia, mpaka lini. Kitinda alimwambia anajianika. Risiti akajibu kwamba ufa ulioandikwa utazibwa, uliofichwa utabomoa tangi.

Mwenyekiti wa chama, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa na wasiwasi wake. Awamu ya pili ilikuwa inasubiri, na shule nyingine zilishaahidiwa. Yeye alitaka sentensi moja tu, kwamba zilijitokeza changamoto ndogo za hali ya hewa. Walivutana, mwishowe akanyamaza bila kukubali. Siku moja kabla ya kifo, Kitinda alipeleka ripoti na ukurasa wake wa saini wodini, alikolazwa dada yake kwa ugonjwa wa moyo. Dada yake alivaa miwani, akaisoma ripoti yote upya, akauliza kama picha za nyufa zimo, ndipo akasaini. Nafasi ya mwenyekiti ilikuwa bado tupu.

Mwenyekiti alikuja msibani mchana uleule. Alilia kweli, kwani walifanya kazi pamoja miaka mingi. Baadaye akamvuta Kitinda pembeni, kwenye ukuta wa jiko, akaanza kwa mbali, akamsifu marehemu, mpaka akafika. Ripoti ilitakiwa kesho. Je, hauwezi kubadilishwa ule ukurasa mmoja tu?

"Kwa heshima yake, binti yangu. Amelala. Kwa nini jambo la mwisho kusomwa kuhusu yeye liwe kosa lake?"

Neno lile lilimchoma Kitinda, maana naye alikuwa ameliwaza. Alimwona dada yake kwenye stuli, miwani ikimteleza puani, akisoma kosa lake kwa sauti ileile aliyosomea matangi tisa yaliyojaa maji.

"Naweza kuubadilisha, Mwalimu, kuchapa ni kazi yangu," alisema. "Ila saini yake nitaitoa. Hiyo aliitia kwenye maneno aliyoyasoma. Ukipeleka mengine, utasaini peke yako."

Mwenyekiti akamwomba amsomee ukurasa huo. Kitinda alikuwa anaujua kwa moyo, akausema wote palepale, sauti ikikatika mara mbili. Alipomaliza, mzee alitoa leso, akapangusa uso.

"Alinisumbua akiwa hai," alisema, "na bado ananisumbua. Haya. Lete nisaini."

Walikwenda dukani pamoja. Alisaini chini ya saini ya marehemu, wakaituma kwa barua pepe, na Kitinda akafunga nakala kwa waya wa plastiki, matundu yote yamekaa sawa.

Siku ya maziko afisa miradi wa mfadhili alifika, mwanamke mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Alikuwa ameipata ripoti na kuisoma, na hakuja na maneno matamu tu. Alisema fedha za awamu ya pili zitasubiri mpaka matangi matatu yatengenezwe na kukaguliwa na mhandisi wa nje, na zile za mafunzo zirudishwe kwenye kifungu chake. Mwenyekiti akasema zitatoka kwenye michango ya wanachama. Afisa akaitikia, kisha akamgeukia mama mzazi wa marehemu, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, ripoti nyingi ninazosoma kila kitu kimekwenda vizuri, na mimi hubaki sijui pa kusaidia. Ya mwanao imenionyesha."

Mama hakuelewa mambo ya vifungu, lakini alinyoosha mgongo, na akakaa hivyo mpaka mwisho wa ibada.

Kitinda ndiye aliyesoma wasifu. Alisema dada yake alijenga matangi kumi na mawili, kwamba tisa yana maji na matatu yana nyufa, na kwamba aliyasema yote kumi na mawili. Watu wa mtaa walitabasamu katikati ya machozi. Dereva wa pikipiki alisikika akimnong'oneza jirani kwamba huyu hata mbinguni ataomba risiti.

Mchungaji aliomba. Vijana waliliteremsha jeneza taratibu kwa kamba. Shemeji alitupa udongo wa kwanza, watoto wakafuata, kisha mama, kisha Kitinda, kisha mwenyekiti. Kaburi lilifukiwa, likawekwa msalaba wa mbao na mashada ya maua. Waliimba wimbo mmoja, wakasema amina, wakarudi nyumbani kwa miguu.