Acha Ianguke

Nakwambia, msimu ule wa korosho mimi na shemeji yangu tulijiona wanaume kweli kweli! Mimi wa Chinongwe, yeye wa Kiegei, wote wabeba magunia ghalani, leo tuko bandarini tumevaa helmeti na vizibao vinavyong'aa. Mke wangu alituaga kwa neno moja tu: "Kaka yangu ninaye huyo huyo mmoja. Umrudishe mzima."

Ghalani kwetu, gunia likiteleza kwenye rundo, hukimbii. Unalifuata, unalikinga kwa bega. Ukikwepa, utachekwa mpaka msimu uishe. Shemeji alikuwa bingwa wa hilo, mtu wa miraba minne! Siku ya kwanza tu msimamizi akatuonya: hapa mzigo ukianguka uache uanguke, wewe kaa mbali. Shemeji akaninong'oneza, "Huyu mwoga huyu."

Basi kazi ikatukolea! Mchana tulikuwa juu ya meli, tunafunga kontena kwa fimbo ndefu za chuma, tunazipishanisha na kuzikaza. Usiku tukashushwa gatini kufungua kufuli za trela, zile zinazoshika kontena kwenye kona, kabla kreni haijainua. Taa ya mnara ilikuwa upande wangu. Upande wa shemeji kulikuwa na kivuli cha kontena lenyewe. Akapapasa mpini, akaona kama umezunguka, akapaza sauti, "Tayari!" Tukarudi nyuma ya mstari, na mtoa ishara akainua mkono.

Kreni ikavuta. Mungu wangu! Kontena likapanda, na trela nayo ikapanda, magurudumu ya nyuma yananing'inia hewani! Kufuli moja ya shemeji haikuwa imefunguka. Nikamwona huyo anachomoka, bega mbele, mbio kwenda chini ya trela, utadhani ni gunia la korosho!

Nikaruka penye mwanga, mikono yote miwili nimeinyoosha juu, maana ishara ya kusimamisha hata kibarua akiitoa, kreni inasimama. Huku napiga ukelele mpaka koo linauma: "Shemeji, acha! Acha ianguke!"

Kreni ikasimama. Shemeji naye akasita. Papo hapo kufuli ikakatika mbele yake, trela ikashuka kwa kishindo nilichokisikia hadi kwenye meno.

Alirudi, akanikumbatia mbele za watu. "Shemeji, nilikuwa nakufa," akasema. Nililia, sioni haya kusema.

Juzi hapa, ghalani Kiegei, gunia liliteleza juu kabisa ya rundo. Wote tukamtazama yeye. Akarudi nyuma. Likapasuka, korosho zikatapakaa hadi mlangoni, watu wakaangua kicheko: "Jitu zima unakimbia gunia!"

Mke wangu alikuwa ametuletea chakula. Akaweka sufuria chini, akaanza kuziokota, anacheka kuliko wote.