Mwangwi wa Darasa la Tatu

Mwalimu wa darasa la tatu hakumwamini mtu. Chaki alizihesabu asubuhi, akazihesabu tena jioni, na shemeji yake, fundi wa sauti, alimwita Mama Mashaka bila kumficha.

Siku moja mwalimu alimpelekea fundi huyo rekodi. Kulikuwa na binti darasani mwake mwenye kigugumizi, ambaye hakuwahi kufungua mdomo mbele ya wenzake. Jumatatu ya wiki hiyo alisimama nyuma kabisa darasani akasoma aya nzima, na simu ya mwalimu, iliyokuwa juu ya meza mbele, ikarekodi picha na sauti. Baba wa binti alishasema anamtoa shule mwisho wa wiki, kwani bubu atasoma nini? Rekodi hiyo ndiyo ilikuwa tegemeo la mwisho. Ila ukuta ni saruji, paa ni bati, na sauti ya mtoto ilizama kwenye mwangwi.

Fundi alisikiliza, akapunguza mwangwi kidogo. Sauti ya mwalimu ikatoka safi, kwa kuwa alikuwa karibu na simu. Ya binti ikabaki na ukungu. Fundi akaeleza kuwa mkia wa sauti, ule mwangwi unaoburuzika baada ya neno, unapunguzika, lakini mtoto akiwa mbali, kilichofika kwenye simu ni ukuta zaidi kuliko yeye, na fundi mwenyewe akizidi kusafisha, maneno yataliwa pamoja na mwangwi.

Mwalimu akamtazama kwa jicho la pembeni. Huyu mvivu, alijiambia, anataka kwenda kula.

"Shemeji, usinizungushe. Weka ile programu kali unayowawekea matajiri."

"Ile haisafishi, shemeji. Inasikiliza, kisha inatunga upya."

"Iweke."

Akaiweka. Ilichukua dakika tatu, na binti akasikika kama msoma taarifa wa redio, aya nzima bila kukwama. Mwalimu alitabasamu, na tabasamu likamfia mdomoni.

"Ile 'ni-ni-ni' yake iko wapi?"

"Imeifuta. Imeona silabi inarudiarudia, ikadhani ni mwangwi."

Mwalimu aliona aibu, na aibu haikuwa kawaida yake. Kisha akamwambia fundi arudishe ile ya kwanza, ya ukungu, na fundi akaandika maneno ya binti chini ya picha ili msikilizaji asipotee.

Ijumaa baba alikuja ofisini kwa mwalimu, mikono kifuani. Alianza kwa kuuliza kama rekodi hii nayo siyo ujanja wa kompyuta. Mwalimu, kwa mara ya kwanza maishani, alimwelewa mtu mwenye mashaka. Akabonyeza.

Mwangwi ukajaa ofisini. "Ni-ni-ni-ninapenda..." Baba aliinama kwenye simu. Binti alipofika katikati ya aya, midomo ya baba ilikuwa inatikisika pamoja na ya binti, silabi kwa silabi.

"Hu-hu-huyu," alisema baba, "ni wa-wa-wangu."